Dola imeshuka, mbona bei ya chupa ya chai imekwama juu?

"Assalaam aleykum. Mimi niko Kisauni, nashona nguo nyumbani. Mwanzo wa 2023 niliulizia chupa ya chai pale Mwembe Tayari nikaambiwa 1,600, sikununua. Mwisho wa mwaka nikarudi, chupa ileile 1,900, muuzaji ati dola imepanda. Mimi silipwi kwa dola, sinunui kwa dola, na chupa yenyewe imeandikwa China. Sasa dola imerudi 129 kitambo na bei haijarudi. Wanatuibia ama kuna kitu sielewi? Na ikianza kupanda tena, ninunue dola niweke ndani?"

Waaleykum salaam dadangu. Nianze na majibu halafu ndio nieleze. Ile 2023 muuzaji hakukudanganya, tena kwa hesabu nitakayokuonyesha alikupa bei ya haki kabisa. Hii ya sasa kama bado wanakwambia 1,900 hapo kidogo kuna la kuongea, sio wizi lakini kuna nafasi ya kupatana. Na hizo dola usinunue, labda uwe na sababu moja maalum ambayo nitaifikia huko mbele.

Tuanze na hii ya China manake inawasumbua wengi. Kiwanda cha chupa kule Zhejiang kinamwandikia mwagizaji wa Mombasa ankara ya dola. Sio kwa sababu Wachina wanapenda sana dola ya Marekani, ni kwamba mwenye kiwanda hana pa kuipeleka shilingi yetu, hawezi kulipa nayo wafanyakazi wala kununua chuma cha pua, na mwagizaji wetu naye kupata Yuan hapa benki si rahisi kama kupata dola, kwa hivyo wote wawili wanakutana kwenye dola. Basi mwagizaji anaenda benki yake hapa mjini na shilingi zake, ananunua dola, ndio zinatumwa. Sasa hizo shilingi alizopeleka benki zilitoka wapi? Zilitoka kwako na kwa wenzako mlionunua mzigo uliopita. Kwa hivyo dadangu wewe wanunua kwa dola kila siku, ni vile kuna mtu katikati amekufanyia kazi ya kubadilisha.

Tufanye hesabu ya chupa moja. Nambari za gharama nimeziweka mimi ziwe rahisi kufuata lakini mpangilio wenyewe ndio unaotumika bandarini. Tuseme chupa yako mpaka ifike Mombasa, pamoja na nauli ya meli na bima, imemgharimu mwagizaji dola 6. Januari 2023 dola ilikuwa kama 123, kwa hivyo hiyo ni shilingi 738. Desemba 2023 dola ikawa karibu 157, dola 6 zilezile zikawa shilingi 942. Kiwanda hakijaongeza hata senti, meli haijaongeza, chupa ni ileile na rangi yake ileile, lakini shilingi 204 zimeongezeka.

Watu wengi huishia hapo wakadhani ndio basi. Bado, manake forodha hawajakuja. Ushuru wa forodha hautozwi kwa chupa, unatozwa kwa thamani yake ikishageuzwa kuwa shilingi, kwa reti ya wakati mzigo unaingizwa kwenye mfumo. Bidhaa nyingi zilizokamilika ziko kwenye kiwango cha asilimia 25 cha ushuru wa Afrika Mashariki, nyingine zimepandishwa 35, hebu tuchukulie chupa yako iko 25. Juu yake kuna ada mbili ndogo, ile ya tamko la uagizaji na ile ya reli, kwa viwango vya sasa zote pamoja asilimia 4.5. Halafu VAT asilimia 16, na hii haihesabiwi juu ya ile 738 peke yake, inahesabiwa juu ya 738 ukishajumlisha ushuru wa forodha, yaani unalipa kodi juu ya kodi.

Ukipiga kwa dola ya 123: bidhaa 738, ushuru 184 na nusu, ada kama 33, VAT kama 148. Chupa imetoka getini ikiwa imemla mwagizaji shilingi 1,103. Piga tena kwa 157 ukitumia viwango vilevile: bidhaa 942, ushuru 235 na nusu, ada 42, VAT 188, jumla 1,408. Tofauti ni shilingi 305. Katika hizo, 204 ndizo zilizoenda kununua dola na nyingine kama 101 zimeenda serikalini, na hakuna aliyesimama bungeni akapandisha kodi ya chupa. Asilimia ilibaki 25 na 16 zilezile lakini ni asilimia ya kitu kikubwa zaidi. Mimi hili ndilo naona watu hawaambiwi vya kutosha, shilingi ikianguka kodi ya bidhaa za nje inapanda yenyewe kimyakimya.

Sasa tuipeleke chupa dukani. Kuna lori, godauni, mahamali wa kupakua, kodi ya duka, mshahara wa kijana wa kuuza, stima. Tuseme zote hizi zinakula shilingi 300 kwa chupa na faida ya wote waliopitiwa, mwagizaji, wa jumla na wa reja reja, ni 200. Hizi 500 ni shilingi tupu, hazijui dola, au tuseme hazijui moja kwa moja. Januari: 1,103 na 500 ni kama 1,600. Desemba: 1,408 na 500 ni kama 1,900. Umeona zimeangukia pale pale ulipoambiwa. Na ndio nasema yule bwana alikupa bei ya haki, tena hakuongeza faida yake, mwengine angehesabu faida kwa asilimia ungekuta 1,950 na zaidi.

Kutoka hapo utaona kwa nini dola ikipanda asilimia 28, maana kutoka 123 hadi 157 ni kama 28, chupa haikupanda 28 bali kama 19. Zile gharama za hapa nyumbani zinapunguza makali. Kitu ambacho sehemu kubwa ya bei yake ni kazi ya hapa kitapanda kidogo tu, kwa mfano kukata nywele, na kitu ambacho karibu bei yote ni dola na kodi kitapanda karibu sawa na dola yenyewe. Simu ni hivyo, matairi ni hivyo. Kwa hivyo mtu akikwambia "dola imepanda asilimia kumi na mimi nimepandisha kumi" muulize kwani kodi ya duka lake nayo analipa kwa dola? Kuwa mwangalifu tu kidogo hapo, manake baadhi ya gharama ambazo wewe na mimi tungedhani ni za shilingi si za shilingi. Bandari yetu hii ya Kilindini orodha yake ya ada kwa mizigo ya nje imeandikwa kwa dola, na kampuni za meli nazo zikikutoza kwa kuchelewesha kontena lao wanahesabu dola kwa siku.

Kuna lingine la reti. Ile nambari inayosomwa kwenye taarifa ya habari ni wastani wa Benki Kuu, sio bei ambayo mwagizaji anauziwa dola. Benki inamuuzia juu yake. Siku za kawaida tofauti ni ndogo, lakini mwanzoni mwa 2023 dola zilikuwa adimu mpaka wafanyabiashara wakawa wanaambiwa wasubiri, na pengo kati ya reti ya Benki Kuu na ile ya dirishani likawa kubwa. Kwa hivyo ukisikia mwenye duka ataja dola ya juu kuliko ya redio usimwone mwongo haraka.

Nije kwenye muda, na hapa ndipo penye jibu la kwa nini bei hairudi.

Mwagizaji hanunui dola siku moja. Kawaida analipa arbuni kama asilimia 30 siku ya kuweka oda, kiwanda kinatengeneza, mzigo ukishapakiwa melini anatumiwa nakala ya hati ya meli ndio analipa 70 iliyobaki, meli inatembea wiki kadhaa, ikifika ndio analipa ushuru. Chukua mtu aliyeweka oda Septemba 2023, dola iko karibu 146. Mwisho wa Oktoba anamalizia, dola 150. Mwisho wa Novemba analipa forodha, dola 153. Ukichanganya zote chupa imemtokea kama 1,347. Anaiuza Desemba, na kufikia hapo dola ni 157 na chupa ya mzigo unaofuata itamgharimu 1,408. Akiuza kwa hesabu ya gharama aliyolipa yeye, kila chupa itamwacha na upungufu wa shilingi 60 za kurudisha stoki. Kontena lina maelfu ya chupa. Akienda hivyo mizigo mitatu minne, kila safari kontena lake linapungua mpaka anafunga. Ndio maana anapandisha bei ya mzigo ambao ushaingia godauni, ule ambao wewe waona "huu si alinunua zamani jamani".

Wewe mwenyewe dadangu unayeshona, umenunua kitambaa cha dera mwezi uliopita kwa 800, leo dukani ni 950, mteja anakuja akitaka ile dera uliyoshona. Ukimhesabia kitambaa 800, pesa yake haitakununulia kitambaa kingine cha kushona ya pili. Bei unayomtajia lazima iangalie kitambaa kinachofuata, sio kilichopita. Mwenye chupa hafanyi kitu kingine.

Basi tugeuze. Dola ilifika karibu 160 na kidogo Januari 2024. Hofu kubwa ilikuwa deni la Eurobond la dola bilioni 2 ambalo serikali ilitakiwa ilipe Juni 2024, watu hawajui zitatoka wapi, kila mwenye dola akazikalia na kila mwenye kuzihitaji akakimbilia kununua mapema. Februari serikali ikakopa bilioni 1 na nusu mpya ikalipa sehemu kubwa ya lile deni kabla ya siku yake, hofu ikaisha, waliokalia dola wakaanza kuziachilia, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa chini ya 135. Hii ni ajabu kwa kasi yake, sarafu haiamki hivyo kila siku. Kufikia Agosti ikatulia pale 129.

Sasa fikiria mwagizaji aliyelipa mzigo wake kwa 157 au 160 kisha mzigo unafika Machi dola iko 132. Akishusha bei mara moja anauza kwa hasara. Kwa hivyo anashikilia bei, anauza polepole, anaomba Mungu jirani yake asiwe ameleta mzigo wa dola ya bei nafuu. Kwa miezi mitatu minne hapo kushikilia bei ni haki yake, na mteja anayemwita mwizi anamwonea. Ila ona jinsi akili inavyogeuka, wakati dola inapanda anahesabu mzigo unaofuata, dola ikishuka anahesabu mzigo uliopita. Kila upande anachagua hesabu inayomlinda. Mimi simlaumu sana, lakini mnunuzi ajue hilo.

Baada ya miezi hiyo kinachoshusha bei ni ushindani peke yake. Kitu kinachouzwa na maduka mengi yaliyopangana, kama chupa, masufuria na mataulo, bei itashuka manake mmoja atavunja. Kitu chenye mwagizaji mmoja au wawili nchi nzima kitakwama juu, kwa sababu hakuna wa kumsukuma na wewe ushazoea.

Tuifanye hesabu yako ya leo. Dola 6 kwa 129 ni 774, na kodi zote ikitoka bandarini ni kama 1,157. Lakini zile 300 za gharama za hapa hazikukaa pale pale toka 2023, kodi za maduka zimepanda, mishahara imepanda, tuziweke 370 au 380. Faida 200. Inakuja kama 1,730. Kwa hivyo 1,600 usiitarajie tena, hiyo imekwenda, na 1,900 ni juu kidogo kama kiwanda na meli hawajaongeza chochote. Ukilipa 1,700 mpaka 1,750 mmeridhiana nyote. Duka kubwa lililosajiliwa VAT hesabu yake inatofautiana kidogo, manake VAT ya bandarini wanarudishiwa kisha wanaitoza juu ya bei yote ya dukani, hapo utapata juu kuliko Mwembe Tayari hata kama mzigo umetoka kontena moja.

Nimesema kama kiwanda na meli hawajaongeza. Hili ni muhimu kwa sababu sio kila bei iliyopanda ni shilingi, na neno "dola" limekuwa kisingizio cha kila kitu. Mchele ulipanda 2023, ndio shilingi ilikuwa inaanguka, lakini pia Julai mwaka huo India ilizuia mchele mweupe usio basmati kutoka nchini mwao, wanunuzi wa dunia nzima wakakimbilia Pakistan na kwengineko, kwa hivyo mchele ulipanda kwa dola kisha ukapanda tena kwa shilingi. Mafuta ya kupikia 2022 ni vile vile, mawese yanatoka Indonesia na Malaysia, Indonesia ikafunga kuuza nje mwisho wa Aprili mpaka Mei, na vita vya Ukraine vilikuwa vishapandisha mafuta ya alizeti, bei ikaruka hapa wakati shilingi yetu haijayumba sana.

Njia ya kutofautisha ni rahisi na huhitaji kusoma uchumi. Angalia vitu vitatu vinavyotoka sehemu tofauti na visivyohusiana, tuseme mchele wa Pakistan, uzi wa cherehani na tairi ya baiskeli. Vikipanda vyote kwa pamoja ndani ya miezi miwili mitatu, mara nyingi hiyo ni shilingi au ni kodi. Kikipanda kimoja na vingine vimetulia, hapo tatizo ni la kitu chenyewe huko kilikotoka, na dola ya 129 haitakusaidia.

Na kuna sehemu mbili ambazo unaiona dola wazi bila kumuuliza mtu. Ya kwanza ni meseji ya tokeni za stima. Ukinunua tokeni ukaomba mchanganuo utaona mstari umeandikwa Forex Charge. Kampuni ya umeme ina madeni na mikataba ya kununua stima inayolipwa kwa fedha za kigeni, shilingi ikianguka ile tofauti inapitishwa kwako, na sehemu kubwa ni stima ya hapahapa Kenya, kama ya mvuke wa Olkaria na maji ya Tana. Ya pili ni mafuta ya gari. EPRA wanatangaza bei kila tarehe 14 ya mwezi, na kwenye tangazo lao wanaandika mafuta yamefika kwa dola ngapi na dola ilibadilishwa kwa shilingi ngapi. Ukitazama hizo nambari mbili miezi miwili mfululizo utajua mwenyewe kama kilichopanda ni mafuta au ni shilingi iliyoshuka. Ila 2023 iliingia na jambo la tatu, VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16 mwezi wa Julai, kwa hivyo mwaka ule mafuta yalipigwa pande zote. Na mafuta yakipanda, lori linalobeba nyanya kuja Kongowea linapandisha, ndio maana nikasema gharama za hapa hazijui dola moja kwa moja. Zinaijua kwa kuzunguka, na zinachelewa.

Haya, kununua dola uweke ndani. Chukua 50,000 zako Januari 2024 wakati kila mtu anasema dola itafika 200. Umenunua kwa 160, umepata dola 312 na nusu. Machi unahitaji pesa za karo unazirudisha kwa 130, unapewa 40,625. Umepoteza zaidi ya elfu tisa kwa miezi miwili na hakuna aliyekuibia. Hata dola isiposonga kabisa unapoteza, kwa sababu duka la kubadilisha pesa linakuuzia kwa bei moja na kununua kwa bei ya chini, tuseme 131 na 127, hapo elfu 50 ishakuwa kama 48,500 siku hiyohiyo. Na noti ikiwa imechakaa au ndogondogo wanakukata tena. Mtu wa kipato cha shilingi na matumizi ya shilingi hana haja ya kuweka dola, isipokuwa ile sababu moja niliyotaja, awe ana malipo ya dola yanayojulikana tarehe na kiasi, kama hija, au karo ya mtoto aliye nje. Hapo kununua kidogo kidogo mapema ni busara, sio kwa kutafuta faida ila kwa kujua mapema itakugharimu ngapi.

Kama una ndugu Dubai anayekutumia, hapo mambo ni kinyume na wengi hapa Pwani wanalijua hili kwa mifuko yao. Dirham imefungwa na dola kwa 3.6725 miaka mingi. Dirham 1,000 dola ikiwa 123 ilikuwa kama 33,500, dola ikiwa 157 ikawa kama 42,700, yeye huko hakuongezwa mshahara. Nyumba hiyo iliona shilingi ikianguka kama neema, jirani yao mwenye mshahara wa shilingi akaona balaa, na wote wananunua duka moja. Nimeona familia zikizoea ile 42,000 zikachukua mkopo juu yake, kisha 2024 ikarudi 35,000 zikakwama. Usipange matumizi ya kudumu juu ya shilingi dhaifu.

Wewe ukisikia dola inapanda tena, fanya mambo mawili tu. Kama kuna kitu cha nje ulichokuwa ushaamua kununua na pesa ipo, kitu kisichoharibika, kinunue mapema, una kama mwezi mmoja au miwili kabla maduka yote hayajageuza bei. Kwa kazi yako mimi ningeangalia uzi, zipu, sindano na vipuri vya cherehani, uzi wa miezi sita hauliwi na panya wala hauozi na karibu bei yake yote inatoka nje. Mchele na unga usirundike, joto la hapa na wadudu watakula ile akiba yote uliyodhani umeipata. Na usikope kununua mapema, riba ya mkopo wa simu kwa mwezi mmoja yaweza kuzidi kile ambacho dola ingekuongezea kwa nusu mwaka. Pili, badilisha bei zako za ushonaji mapema na umwambie mteja, usingoje mpaka kitambaa kimekushinda.

Kuna mahali maneno yangu haya hayatoshi. Ukitaka kuagiza mwenyewe, hata cherehani moja kupitia wale wanaokusanya mizigo midogo, kaa chini na ajenti wa kutoa mizigo mwenye leseni ya KRA kabla hujatuma arbuni, akuandikie kwa karatasi kiwango cha ushuru cha kitu hicho na reti ya dola anayotumia, manake wengi wanakupa bei ya kilo kisha mzigo ukifika wanakwambia dola ilipanda. Mtu akikupa mkopo au kitu cha kulipa kidogo kidogo ambacho malipo yake yamefungwa na dola, usitie sahihi kabla hujaenda benki au chama chako cha akiba ukaonyesha mkataba, kwa mtu wa kipato cha shilingi hiyo ni hatari hata riba ikiwa ndogo. Kwenye kubadilisha pesa ingia duka lenye leseni ya Benki Kuu imebandikwa ukutani, sio kijana wa barabarani wala wa mtandaoni. Na ujue kupandisha bei peke yake si kosa la sheria, serikali haipangi bei ya chupa wala ya mchele, lakini bei iliyoandikwa kwenye kitu ikiwa moja na ya kwenye risiti nyingine, au maduka yakikubaliana kichinichini yote yauze bei moja, hayo yapelekwe kwa Mamlaka ya Ushindani na uende na risiti yako.